Hedhi kukatika si ukomo wa hedhi: kisa cha anastrozoli kwa mama wa miaka 43

Kisa hiki ni cha mama wa miaka 43, mkaushaji na muuzaji wa dagaa kutoka Ukerewe, ambaye kwa miezi kadhaa alimeza kidonge chake cha homoni kila usiku bila kukosa huku kidonge hicho hakimkingi. Dawa ilikuwa halisi, haikuwa imeisha muda wake, na dozi ilikuwa ndiyo yenyewe. Kasoro ilikuwa kwenye swali moja ambalo halikuulizwa sawasawa kabla ya kumbadilishia dawa: ovari zake zimeacha kazi kabisa, au zimelala tu? Mimi ni mfamasia, nahudumia wagonjwa wa saratani hapa Mwanza. Mama mwenyewe ameniruhusu kuandika, na mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadili.

Mwaka 2022 aliondolewa titi la kushoto. Majibu ya kinyama yalionyesha saratani yenye vipokezi vya estrojeni na vya projesteroni, isiyo na wingi wa protini iitwayo HER2, na tezi mbili za kwapani zilikuwa zimeshaingiliwa. Akapewa dripu za kemo, moja kila baada ya siku 21, kisha mionzi. Hedhi yake hata kabla ya hapo haikuwa ya kueleweka, maana alikuwa akichoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ambayo aliachishwa mara tu saratani ilipogunduliwa. Tangu dripu za mwanzo hakuona damu tena. Hilo la hedhi naomba msomaji alishike, kwa sababu kisa chote kimejengwa juu yake.

Januari 2023 alianzishiwa tamoksifeni, miligramu 20 mara moja kwa siku. Kwa mama wa umri wake, ambaye haijulikani kama ovari zimenyamaza au la, huo ndio mwanzo ninaouamini. Tamoksifeni haipunguzi estrojeni mwilini. Inachofanya ni kukaa kwenye kipokezi cha estrojeni ndani ya chembe ya titi, kama abiria aliyewahi kiti kwenye meli ya Nansio: estrojeni ikipanda inakuta pamekaliwa. Kwa hiyo haijali estrojeni inatoka wapi, kwenye ovari au kwenye mafuta ya mwili. Miaka mitano ya tamoksifeni hupunguza vifo vya saratani ya titi yenye vipokezi kwa karibu theluthi moja, na kinga hiyo huendelea kuonekana miaka mingi baada ya kidonge cha mwisho.

Ila tamoksifeni ina tabia mbili. Kwenye titi inazuia estrojeni, lakini kwenye kizazi, kwenye mifupa ya aliyekwisha koma hedhi, na kwenye ini inafanya kazi kama estrojeni yenyewe. Ndiyo maana mifupa ya wamama waliokoma hedhi hainyong'onyei wakiimeza, na ndiyo maana kizazi chao huweza kuota ukuta mnene, na kwa wachache, saratani. Mama huyu alipata yale ya kawaida: joto la kupanda ghafla kifuani na usoni, jasho la usiku la kulowesha kanga, na ute mweupe ukeni. Kilichomtisha zaidi hakikuwa hayo. Jirani alimwambia kidonge hicho "kinahamishia kansa kwenye kizazi."

Jirani hakuzua, ila alimpa ukweli nusu. Hatari ya saratani ya kizazi kwa tamoksifeni inawahusu hasa waliokwisha koma hedhi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliolinganisha tamoksifeni na vidonge visivyo na dawa, ongezeko lilikuwa dhahiri kwa wenye miaka 50 na kuendelea, na kwa walio chini ya umri huo halikuthibitika. Kwa mama wa miaka 43 ningependa zaidi ajue dalili za damu kuganda kwenye mishipa: mguu mmoja kuvimba, kuuma nyuma ya ugoko na kuwa wa moto, au pumzi kukatika ghafla. Hatari hiyo huongezeka mara mbili hadi tatu kwa anayetumia tamoksifeni, na haisubiri tarehe ya kliniki.

Agosti 2023 alikwenda kukaa kwa mdogo wake mkoa mwingine. Dawa zilipoisha alienda kituo cha huko, akaeleza joto, ute na hofu ya kizazi. Akaandikiwa anastrozoli miligramu 1 kila siku. Kwenye kadi yake sababu imeandikwa kwa kalamu ya bluu, mstari mmoja: "hedhi imekoma zaidi ya mwaka."

Aliyeandika alikuwa na hoja. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi kweli, vizuia aromatasi, yaani anastrozoli, letrozoli na eksemestani, vinaishinda tamoksifeni, ingawa si kwa mbali. Tafiti za wamama wa namna hiyo zilipokusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka 2015, waliopewa vizuia aromatasi kwa miaka mitano walikufa kwa saratani ya titi asilimia 12.1 ndani ya miaka 10, na waliopewa tamoksifeni asilimia 14.2. Ni tofauti ya wamama wawili katika kila mia. Ni ndogo, lakini kwa mwenye tezi za kwapani zilizoingiliwa inafaa kuitafuta.

Sharti lake ni moja, na halina njia ya mkato: ovari ziwe zimenyamaza. Mwanamke aliyekoma hedhi hutengeneza estrojeni kidogo kwenye mafuta, misuli na ngozi, kwa kutumia kimeng'enya kinachoitwa aromatasi. Ukikifunga kimeng'enya hicho, estrojeni inakaribia kuisha mwilini. Kwa mwenye ovari hai mambo yanageuka. Estrojeni ikishuka kidogo tu, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo inagundua upungufu na kuziamsha ovari kwa homoni zake, FSH na LH. Ovari zinajibu kwa kukuza mayai na kutengeneza aromatasi nyingi kuliko kidonge kinavyoweza kuifunga. Anayetilia shaka hilo akamuulize daktari wa wanawake wanaotafuta mtoto: letrozoli ileile ya miligramu 2.5 huandikwa kwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko, makusudi kabisa, ili yai lipevuke.

Kwa miezi ya mwanzo anastrozoli ilionekana kumfaa, na pengine ilimfaa kweli, kwa kuwa ovari zilikuwa bado zimelala. Ute uliisha. Joto lilibaki. Kikaja kitu kipya: asubuhi vidole vilikuwa vimekakamaa, hawezi kufumbata ngumi wala kushika fagio la kugeuzia dagaa mpaka jua lipande, na magoti yalimuuma akiinuka. Huo ndio mzigo mkubwa wa vizuia aromatasi, na wamama wengi huviachia hapo hapo. Alipimwa malaria, akapimwa taifodi, akapewa diklofenaki. Hakuna aliyemwambia kwamba maumivu yale yanatoka kwenye kidonge cha usiku, kwa kuwa viungo vyenyewe huhitaji estrojeni kiasi, na ikiondolewa hulalamika.

Halafu, kuanzia Februari 2024, yote yakapoa. Joto likaisha, akalala usiku mzima, vidole vikalegea. Alirudi Ukerewe akaanza biashara tena, akijua mwili umeizoea dawa. Alipokuja kwetu Aprili kuchukua dawa, nilipomuuliza anaendeleaje alinijibu, "Daktari, sasa hivi nipo vizuri kuliko mwanzo. Ila titi lililobaki linajaa jaa na kuuma, na wiki iliyopita niliona damu kidogo siku tatu."

Kwa mtaalamu anayewajua wagonjwa hawa, sentensi hiyo inatosha kusimamisha foleni. Mtu anaweza kumeza anastrozoli miaka mitano bila maumivu yoyote na dawa ikafanya kazi yake vizuri, kwa hiyo kukosa madhara peke yake si dalili ya chochote. Kinachotia shaka ni mabadiliko: mwanamke aliyekuwa na joto na viungo vikavu, ambaye hajakosa dozi wala hajaongezewa dawa nyingine, anapopata nafuu ya ghafla, na nafuu hiyo inafuatana na titi kujaa, ute kurudi au damu. Hapo estrojeni imerudi, na inayoweza kuirudisha kwa wingi huo ni ovari.

Nilimrudisha kwa daktari wake siku hiyohiyo. Kipimo cha kwanza kilikuwa cha mimba, na wala haikuwa kumvunjia heshima. Wapo waliopata ujauzito katika hali hii kwa kuamini kwamba umri wa kuzaa umepita, na dawa hizi zote mbili zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kilikuwa hasi. Cha pili kilikuwa altrasaundi, kwa kuwa damu kwa mwanamke aliyewahi kutumia tamoksifeni haipaswi kusingiziwa ovari kabla kizazi hakijaangaliwa. Ukuta wa kizazi ulikuwa wa kawaida kwa mwenye kupata hedhi, na kwenye ovari ya kulia kulikuwa na kifuko cha maji cha sentimita nne, cha aina inayotokea yai linapokua.

Cha tatu kilikuwa estradioli kwenye damu, ambayo ndiyo estrojeni kuu. Ikarudi pikogramu 168 kwa mililita. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi na anayemeza kizuia aromatasi tungetegemea kiwango cha chini mno, mara nyingi chini hata ya uwezo wa mashine za kawaida za maabara kukisoma. Hapa pana mtego ninaoukuta mara kwa mara kwenye makaratasi ya wagonjwa. Mashine ikisoma "chini" haimaanishi moja kwa moja kwamba ovari zimelala, maana ngazi za chini mashine nyingi hubahatisha, na anayetumia eksemestani anaweza kusomwa juu kwa uongo kwa kuwa dawa yenyewe inafanana na homoni. FSH nayo huvurugwa na vidonge hivi. Lakini 168 si ya kubahatisha.

Kwa nini kituo kile kilidanganyika? Kwa sababu kanuni ya "mwaka mmoja bila hedhi" ni sahihi kwa mwanamke ambaye hakupigwa kemo, hatumii tamoksifeni, wala hayuko kwenye sindano ya kuzilaza ovari. Kemo huua baadhi ya mayai na kuyazubaisha mengine, na yaliyozubaa yanaweza kuamka baada ya mwaka, hata miwili. Madaktari wa London walichapisha mwaka 2006 habari za wanawake 45 waliokatika hedhi kwa sababu ya kemo na kupewa vizuia aromatasi: ovari za 12 kati yao zilirudi kufanya kazi, na mmoja alishika mimba. Mama wetu alikuwa na miaka 41 alipomaliza dripu. Kwa umri huo, kukatika kwa hedhi ni habari tu, si uthibitisho. Na aliyetolewa kizazi lakini akaachiwa ovari yuko pabaya zaidi, maana kwake hata ile damu ya kumshtua haitatoka kamwe.

Anastrozoli ilisimamishwa, tamoksifeni ikarudishwa kesho yake. Haikuhitaji kusubiri chochote, kwa kuwa tamoksifeni inafanya kazi ovari zikiwa macho au zimelala. Kuhusu uzazi wa mpango, akawekewa kitanzi cha shaba, kisicho na homoni.

Kisha yakaja mazungumzo marefu, yeye, mumewe na daktari, nami nikiwepo. Angeweza kubaki na tamoksifeni peke yake, hata kwa miaka 10 badala ya mitano, na isingekuwa tiba duni. Lakini kwa mwenye umri mdogo, tezi zilizoingiliwa na ovari zilizoamka baada ya kemo, kuzinyamazisha ovari huongeza kinga. Njia ni mbili: sindano ya goserelini miligramu 3.6 chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya siku 28, au upasuaji wa kutoa ovari zote mbili. Sindano ina uzuri wake, kwamba ikimshinda anaweza kuiacha na ovari zikarudi. Upasuaji hauna kurudi.

Aliyeamua jambo hili alikuwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika. Yeye safari zake zote za Mwanza huzipanga wakati wa mbalamwezi. Alitandika vidole mezani akahesabu: mwezi hutembea siku 29 na nusu, sindano siku 28, kwa hiyo kila sindano ingesogea mbele siku moja na nusu, na baada ya miezi tisa hivi ingeangukia katikati ya giza, dagaa wakiwa mchangani na yeye ndiye mwenye mtaji. "Hapo nitachelewa," alisema, "na mimi najijua." Alikuwa amegusa penyewe. Sindano ikicheleweshwa, ovari hupata nafasi ya kuamka, na akiwa amerudishwa kwenye anastrozoli tungekuwa tumezunguka na kurudi palepale. Watoto anao wanne, wengine hakutaka. Akachagua upasuaji.

Tamoksifeni ilisimamishwa wiki tatu kabla, kwa ajili ya ile hatari ya damu kuganda, ambayo upasuaji wenyewe nao huichangia. Ovari zilitolewa Julai. Wiki sita baadaye estradioli ilikuwa chini ya kiwango cha mashine, na safari hii tuliiamini namba hiyo kwa sababu ovari tulijua ziko wapi. Akaanza tena anastrozoli.

Vidole vilikakamaa tena ndani ya miezi miwili, kama tulivyomwambia mapema. Safari hii alijua chanzo, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Tulimpunguzia diklofenaki, ambayo ikimezwa kila siku huumiza tumbo na figo na kupandisha presha, tukampa parasetamoli kwa siku mbaya. Kinachomsaidia zaidi ni kutembea. Katika utafiti mmoja wa wanawake wenye maumivu haya, waliotembea au kufanya zoezi kama hilo dakika 150 kwa wiki na kunyanyua vyuma mara mbili walipata nafuu ya wazi. Yeye hutembea ufukweni alfajiri kabla ya kumwaga dagaa, na vidole huvilowesha kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kushika fagio.

Mifupa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu haiumi mpaka ivunjike. Amepoteza ovari akiwa na miaka 43 na bado anafunga ile estrojeni kidogo iliyobaki. Dagaa anaokula mzima na miba yake ni chanzo kizuri cha kalisi, kwa hiyo kwa chakula yuko mbele ya wagonjwa wangu wengi wa mjini. Vitamini D anamezeshwa, na kila miezi sita anapata dripu ya kuimarisha mifupa, asidi ya zoledroni miligramu 4, baada ya meno kuangaliwa, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuleta kidonda kisichopona kwenye taya iwapo jino litang'olewa katikati ya matibabu.

Mwezi uliopita aliniuliza afanye nini vidole vikimshinda kabisa, maana ana miaka mingi mbele. Nilimwambia kwanza tutasimamisha anastrozoli wiki chache tuone kama maumivu yanapungua. Yakipungua tutajaribu letrozoli au eksemestani, kwa sababu wapo wanaoshindwa moja wakaiweza nyingine. Nazo zikigoma, atarudi kwenye tamoksifeni, ambayo kwa mwanamke asiye na ovari ni tiba kamili. Jambo moja tu nilimwomba: asikiache kidonge kimya kimya kule kisiwani, apige simu kwanza. Akasema sawa, na akauliza kama simu ya kliniki inapokelewa pia jioni, maana mchana wa jua kali ndipo dagaa wanapogeuzwa.